Radhi Isiyo na "Kama"

Shangazi alikuwa ameshika kipande cha keki mkononi, hajakitia mdomoni, shemeji yake alipopewa kipaza sauti.

Shemeji huyu, kaka mkubwa wa mumewe, watu walimwita Spika, kwa sababu palipo na kipaza sauti na yeye yupo, awe ameombwa kusema au hajaombwa. Misibani alisema. Kwenye vikao vya wazazi shuleni alisema, ingawa wanawe walishamaliza shule zamani na wengine wana watoto wao. Sasa ilikuwa harusi ya mtoto wa kaka yake Shangazi, kijana aliyemlea mwenyewe tangu kaka yake alipofariki, na mshereheshaji alikuwa ameuliza kama upande wa bwana harusi kuna mwenye neno fupi. Kabla hajamaliza kuuliza, Spika alikwisha kusimama, akijifuta mafuta ya kuku kidevuni kwa kitambaa cha meza. Si kitambaa cha mkono kilichowekwa pembeni ya sahani, bali kile cheupe kilichotandikwa meza nzima. Shangazi aliona alama ya mafuta ikibaki pale, ya njano, na akaangalia kando.

"Mimi sina mengi," alianza Spika, na waliomjua wakaegemea viti vyao vizuri, maana mtu asiye na mengi ndiye anayemaliza saa nzima. "Nasimama kumpongeza kijana wetu. Wenzake wakitaka nguo wanaingia dukani, wanachukua mpya, ina lebo bado. Yeye kaingia kwenye mitumba."

Watu wachache walicheka, hawajajua bado wanacheka nini.

"Lakini jamani msinielewe vibaya, ni mtumba daraja la kwanza. Rangi haijapauka. Na muuzaji alivyo mkarimu, kamtupia na nyongeza juu."

Akanyoosha kidole, kidole kilekile kilichokuwa kikichambua mfupa muda mfupi uliopita, kuelekea meza ya mbele. Pale alikuwa ameketi mtoto wa bibi harusi, binti wa darasa la kwanza, na kikapu chake cha maua mapajani. Mama yake alifiwa na mume mtoto hajaanza hata kutembea. Kila mtu ukumbini alijua hivyo. Spika naye alijua. Alikwenda kwenye mazishi yale, na huko pia alisema.

Kicheko kilipita ukumbini kama harufu mbaya inavyopita, kila mtu akiisikia na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuziba pua. Bibi harusi alibaki na tabasamu alilokuwa nalo kabla, limeganda usoni kama limebandikwa. Bwana harusi alianza kuinuka, mkewe akamshika mkono chini ya meza. Mshereheshaji, kijana mjanja, alimwashiria mtu wa muziki, na ngoma ikafunika yaliyobaki. Spika akarudi kwenye kiti chake akitikisa mabega kwa furaha, akavuta sahani yake, akaendelea na kuku.

Shangazi hakufanya lolote, na hilo ndilo lililomkaa kooni baadaye. Yeye ndiye aliyepeleka kadi kwa Spika kwa mkono wake. Alikuwa ameketi meza ya jirani, kipaza sauti kingefikika kabla ngoma haijaanza. Alibaki ameshika keki mpaka sukari ya juu ikayeyuka vidoleni.

Watu walipoanza kutawanyika, yule mtoto alimfuata akiwa na kikapu chake kitupu.

"Bibi," alisema, "nyongeza ndiyo mimi?"

"Nani kakwambia?"

"Yule babu alininyooshea kidole."

"Yule babu hajui anachosema," Shangazi alimjibu, na hapohapo akajua kwamba amemdanganya mtoto. Yule babu alijua vizuri sana.

Siku iliyofuata, nyumbani, mumewe aliamka na simu mkononi. Mume huyu alikuwa mtu mpole, mwenye kupenda amani kiasi kwamba hata paka wakigombana dirishani alitoka kuwasuluhisha. Lakini mbele ya kaka yake alikuwa bado mtoto wa miaka kumi. Alikuwa ameandika ujumbe wa kuwapelekea maharusi kwa niaba ya familia, na akamsomea mkewe kabla hajautuma.

"'Wapendwa wanetu, hongereni kwa sherehe iliyofana. Kama kuna yeyote aliyekwazika kwa maneno yaliyotamkwa kwa njia ya utani, basi tunaomba yaishe. Sisi ni familia moja.' Unaonaje?"

Shangazi alikuwa anaosha vikombe. Akafunga bomba.

"Kama?"

"Kama nini?"

"Umesema kama kuna aliyekwazika. Hujui kama yupo? Mtoto ameniuliza kama yeye ni nyongeza. Halafu, maneno yalitamkwa. Yalitamkwa na nani, na spika za ukumbini? Yalidondoka kutoka darini?"

"Mama watoto, hayo ni maandishi tu. Lengo ni kutuliza."

"Kumtuliza nani?"

Mumewe alikaa kwenye kiti, akashusha pumzi. "Unamjua kaka. Ukimtaja jina atakuja hapa kufanya kikao cha siku tatu. Wewe funika kombe mwanaharamu apite."

Wote wawili wakaisikia methali ile ikizunguka jikoni, na mtoto anayezungumziwa ni yule aliyetupwa juu ya mzigo wa mitumba. Siku hiyo hata methali zilikuwa zinanuka.

"Usitume," alisema. "Nitaandika mimi."

"Basi tuambatanishe na zawadi. Seti ya sahani, au…"

"Radhi haiji na sahani. Wakila kwenye sahani hizo watakuwa wamekubali, si ndiyo? Hapana. Nitaandika karatasi, na karatasi itakwenda peke yake."

Kazi ya Shangazi ilikuwa kutengeneza meno ya bandia. Chumba chake kilikuwa nyuma ya kliniki ya meno, chenye meza ndefu, mashine ya kusugulia, makopo ya unga wa plasta, na rafu ambako vinywa vya watu wengi vilikaa vimefumbuliwa, vya plasta nyeupe, kila kimoja na namba yake. Mtu mgeni angeogopa kuingia. Yeye alivizoea kama muuza viatu anavyozoea miguu ya watu. Miaka yote hiyo mdomo wa mtu haukuwahi kumtia kinyaa, si wenye uvimbe, si wenye mizizi iliyooza. Mdomo ni mdomo.

Mpaka Jumatatu ile, Spika alipoingia bila kubisha hodi, kiganja kimefunika kinywa.

"Semeji," alisema, na mate yakatoka pamoja na neno. Alifungua kiganja kingine. Mlikuwa na meno yake ya juu ya bandia, sahani nzima yenye ufizi wake, imepasuka katikati kuanzia mbele hadi kwenye kaakaa. Shangazi aliyafahamu. Ndiye aliyeyatengeneza. Aliyasugua kwa mikono yake, akachagua rangi ya meno, akapanga hata lile la pembeni lipinde kidogo ili yaonekane ya kuzaliwa nayo.

"Umefanya nini?"

"Mfupa wa kuku. Pale halusini." Akacheka, ufizi mtupu, mwekundu, unang'aa. "Nifanyie halaka, Ijumaa nina kikao, wananitegemea kufungua."

Kwenye mpasuko palikuwa na kitu cheusi. Nyama, ya juzi, iliyokwisha kuota ukungu wa kunata. Alikuja nayo hivyo, hayajaoshwa, yamefungwa kwenye karatasi ya chooni. Shangazi alivaa glovu, kisha akavaa nyingine juu yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Aliyatia kwenye dawa, akayasugua kwa brashi, maji yakawa ya kijivu, akabadilisha maji, akasugua tena. Harufu haikutoka. Au labda ilikwisha kutoka na yeye ndiye aliyekuwa anaendelea kuisikia.

Aliviweka vipande viwili pamoja, akavishikiza kwa nta ya moto, akamimina plasta nyuma yake ili visicheze ikikauka. Kazi hiyo inataka subira. Ukiharakisha, sahani inakauka imepinda unywele mmoja tu na mtu hawezi kutafuna. Kwa hiyo Spika alikaa kwenye kiti cha plastiki kusubiri, na kwa kuwa alikaa, alisema.

"Umeona lakini watu walivyocheka? Mselehesaji hana uzoefu. Angeniacha nimalize, mwishoni nilikuwa nawaombea balaka."

"Shemeji," Shangazi alisema akiwa amempa mgongo, "bibi harusi hakucheka."

"Wanawake siku ya halusi hawacheki, wanaogopa poda itapasuka."

"Alizika mume."

"Kwani nimesema uongo? Mtu akivaa nguo ikabaki, mwingine akaivaa, inaitwaje?"

Shangazi aligeuka. Aliangalia ule mdomo usio na meno ya juu ukifunguka na kufumba, mashavu yamebonyea, mate yamekusanyika pembeni. Hakukuwa na jino la juu hata moja la kuyazuia maneno yale na bado yalitoka yaleyale. Alikuwa amejiambia tangu ile siku kwamba labda ni pombe, labda ni ukumbi, labda ni ile tamaa ya kuchekesha inayompofusha mtu. Hapa hapakuwa na ukumbi wala pombe. Palikuwa na chai iliyopoa na mchana mweupe.

"Utaenda kuwaomba radhi?"

"Mimi? Mtu mzima? Watanikosesa hesima."

"Haya."

Aliivunja plasta, akasugua kingo za mpasuko, akaujaza kwa unga na maji yake ya kugandisha, akaitia sahani kwenye chungu cha maji ya moto cha kukazia. Aliifanya kazi vizuri. Kama angemrudisha nyumbani bila meno, Spika angekuwa ndiye aliyeonewa, na ukoo mzima ungemsikitikia. Alipomaliza kusugua mpaka pakang'aa, alimkabidhi ndani ya kikopo.

"Hii ni ya mwisho, shemeji. Ikipasuka tena, tafuta fundi mwingine. Na ulichofanya pale ukumbini kilikuwa uchafu. Nakwambia mimi usije ukasikia kwa mtu."

Spika aliyavaa meno, akagonga mara mbili kupima, na sauti yake ikarudi nzima. "Umekuwa mkali, shemeji. Umri huo, angalia presha."

Alipotoka, Shangazi alifungua dirisha lote. Alitupa glovu zote nne, akasugua meza kwa dawa, kisha akasugua tena.

Wagonjwa wa mwisho walipoondoka na daktari akafunga mlango wa mbele, alikaa kwenye meza yake ya kazi na kalamu. Alidhani ingekuwa rahisi. Hasira huwa na maneno mengi. Lakini karatasi ilipokuwa mbele yake aligundua kwamba radhi ina mitego kila hatua. Alipoanza na maneno ya Spika yenyewe, aliona anayaandika kwa mkono wake kwenye karatasi ambayo watu wale watakaa nayo, na siku moja mtoto atakayekuwa amejua kusoma vizuri atayakuta. Aliichana. Alipoyaepuka kabisa, akaandika "yale yaliyotokea", ilisomeka kama ujumbe wa mumewe: uchafu umefunikwa, unanuka chini ya kitambaa. Hiyo nayo aliichana. Mara ya tatu aliandika mistari mingi kueleza jinsi alivyolia, jinsi asivyolala, akasoma, akajikuta anasubiri bibi harusi ampe pole. Hiyo aliikunja kwa nguvu akaitupia kwenye ndoo ya plasta.

Iliyobaki ilikuwa hii:

"Kwenu wanangu, mke na mume.

Siku ya sherehe yenu shemeji yangu alisimama mbele ya wageni akamdhalilisha mke kwa ujane wake, na akamtaja mtoto kana kwamba ni kitu, si mtu. Yalikuwa maneno machafu. Hayakuwa utani.

Mimi ndiye niliyemwalika, nikiujua mdomo wake. Alipokuwa anasema nilikuwa karibu naye na sikunyanyuka. Kwa hayo mawili naomba radhi: kwako kwanza mkwe wangu, kisha kwako mwanangu. Mtoto nitamwomba kwa mdomo wangu, mkiniruhusu.

Yeye simwombei. Nimemwambia alichofanya, akitaka kuomba radhi, mlango wenu anaujua. Kwangu hatakaribishwa siku mtakayokuwapo. Mpiga video nimemwomba asimpe mtu kipande kile mpaka ninyi mseme kifanywe nini.

Hamlazimiki kunijibu.

Shangazi yenu."

Alisoma akitafuta "lakini" au "kama" iliyojificha. Hakuiona. Aliikunja, akaitia kwenye bahasha, akachomeka kifuniko ndani bila gundi, kama mtu anayemtuma mtu wake wa ndani. Mumewe kesho yake alikuwa anapita mtaa wa maharusi, akaomba aipeleke yeye. Shangazi alifurahi kwamba walau amejitolea.

Siku zikapita kimya. Alikuwa ameandika hawalazimiki, kwa hiyo hakupiga simu. Lakini mpiga video alimpigia kuuliza maelekezo, akasema bwana harusi hapokei simu ya mtu yeyote wa ukoo. Kisha binamu mmoja akasema amemkuta kijana benki, amemsalimia, kijana akaitikia kama anayemjibu karani.

Alhamisi jioni bibi harusi mwenyewe aliingia chumbani mwake. Alikuwa fundi wa miwani, anayekata vioo na kuvifunga kwenye fremu, na alikuwa na tabia ya mafundi wa vitu vidogo: hakai kabla hajaangalia anapokaa. Alitoa bahasha kwenye mkoba, akaiweka mezani, katikati ya vinywa vya plasta.

"Shangazi, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

"Sikai sana. Mume wangu hajui kama nimekuja, amesema hataki tena kusikia habari ya barua hii. Mimi nimeisoma mara nyingi. Kuna kitu hakikai sawa, nikasema nije nikuulize mwenyewe." Aliifungua. "Hii mistari miwili ya chini ni yako?"

Shangazi alivuta karatasi. Chini ya jina lake, kwa wino uliokoza kidogo kuliko wake, palikuwa pameandikwa:

"Hata hivyo shemeji alikuwa anatania tu, msiyabebe moyoni. Yeye ni mkubwa wenu, mkipata nafasi mpigieni mumsalimie, atafurahi."

Alisoma mara moja, ikatosha. Mwandiko ulikuwa umejitahidi kulala kama wake, lakini ile "k" yenye mkia aliijua. Aliiona kila siku kwenye karatasi za sokoni zilizobandikwa jikoni kwake.

"Mume wangu," alisema bibi harusi taratibu, "alifika mpaka pale juu, kwenye 'sikunyanyuka', akaanza kulia. Sijawahi kumwona akilia. Halafu akafika hapa chini. Akasema, kumbe hata Shangazi. Akasema anatutaka sisi ndio tumpigie. Sisi tumsalimie."

Kinyaa alichokisikia Shangazi kwa Spika kilikuwa cha kawaida, cha kuona takataka mahali takataka hukaa. Hiki kilikuwa kingine. Ni kama kukuta funza ndani ya mkate uliouoka mwenyewe.

"Si yangu," alisema mwishowe. "Ya juu ni yangu yote. Ya chini si yangu."

"Nilidhani hivyo. Mtu anayeandika 'hayakuwa utani' haandiki 'alikuwa anatania' kwenye karatasi hiyohiyo." Bibi harusi aliirudisha bahasha mkobani, kisha akabadili mawazo, akaiacha mezani. "Sitaki kukaa nayo ikiwa hivi."

"Ni sawa. Iache."

Nyumbani mumewe alikuwa anamenya viazi, redio imewashwa. Shangazi alizima redio, akaiweka karatasi mbele yake juu ya maganda.

Hakukana. Uso wake ulishuka, kisu kikabaki hewani.

"Nilitaka kulainisha tu."

"Umelainisha kwa mkono wangu."

"Ilikuwa kali mno. Nilisoma njiani nikaona, hii ikifika kwa kaka…"

"Haikuandikwa kwa kaka yako. Wewe ulisimama barabarani, ukatoa kalamu, ukaiga mwandiko wangu. Uliegemea wapi? Kwenye ukuta? Kwenye goti?"

"Kwenye boneti la gari," alisema, kwa sauti ndogo, kama mtu anayeulizwa na polisi.

Jibu hilo lilimchefua kuliko yote. Alikuwa amechagua mahali pazuri pa kuandikia, pa bapa, pasitetereke. Shangazi alimwangalia mtu huyu aliyelala naye miaka yote, mpole, asiyeinua sauti, na kwa mara ya kwanza upole wake ukaonekana kwake kama kitu cha kunata, kinachoshika kila mahali na hakuna mahali pa kukishika.

"Kaka yako alimtukana bibi harusi mara moja," alisema. "Wewe umekwenda mpaka mlangoni kwake ukamtukana mara ya pili, na ukatumia jina langu. Tena yeye angalau alisema kwa sauti yake."

"Sikumtukana."

"Umemwambia ampigie simu kumsalimia."

Mumewe aliangalia mistari yake miwili kama ameandikiwa yeye. Akasema, "Nifanye nini?"

"Usinitumie mimi kulainisha tena. Vaa viatu."

Kabla hawajatoka alinakili barua ile upya kwenye karatasi safi, neno kwa neno, hakuongeza chochote, na safari hii akalamba gundi na kuibana bahasha kwa kiganja.

Bwana harusi ndiye aliyefungua mlango, fulana ya nyumbani, macho yamevimba kwa uchovu wa kazi. Alipomwona Shangazi hakusema karibu. Alipomwona aliyesimama nyuma yake, akashika komeo.

"Mwanangu," Shangazi alisema, "sijaja kuingia. Huyu ana neno. Akimaliza, ukitaka kufunga, funga."

Mumewe alisogea mbele. Mkono wake ulikuwa unatafuta mfuko wa kujificha na haukuupata.

"Mistari miwili ya chini niliandika mimi," alisema. "Shangazi yako hakujua. Niliiga mwandiko wake. Nilimwogopa kaka." Shangazi alijua kinachokuja, akamgeukia, na yeye akameza "lakini" iliyokuwa imeshafika kwenye midomo. "Niliwakosea. Mkeo, na wewe, na mtoto."

Kijana alimwangalia kwa muda, bila huruma na bila hasira, kama anayeangalia mzigo aliouletewa na kujiuliza kama anwani ni sahihi.

"Ulifikiri nitampigia kweli?"

"Nilitumaini."

"Basi wewe hunijui," alisema kijana. Kisha akamgeukia Shangazi, na sauti ikabadilika. "Shangazi, ingia. Mzee atasubiri kidogo hapo nje, anisamehe. Leo siwezi."

Mume akaketi kwenye ngazi. Hakulalamika.

Ndani, bibi harusi aliipokea bahasha mpya, akaipasua, akasoma mpaka mwisho, akageuza na nyuma kuhakikisha pako tupu. Akampa mumewe. Alisoma amesimama. Safari hii hakulia. Aliikunja akaitia kwenye droo ya kabati la vyombo pamoja na karatasi nyingine za nyumba, akasema mpiga video akate kipande chote, tangu babu anasimama hadi ngoma inaanza, asibakize hata sauti.

Mtoto alikuwa anachora sakafuni. Shangazi alichuchumaa, magoti yakalia.

"Uliniuliza swali siku ile nikakujibu vibaya," alimwambia. "Nilisema yule babu hajui anachosema. Alijua. Alisema neno baya juu yako na juu ya mama, na mimi nilikuwepo nikanyamaza. Naomba unisamehe. Wewe si nyongeza ya mtu."

Mtoto aliendelea kupaka rangi, akifikiri.

"Mbona hukumwambia anyamaze?"

"Niliogopa watu."

"Mimi pia naogopa watu," alisema mtoto, na akamsogezea kalamu ya kijani, kwa kuwa ndege aliyemchora alikuwa na mabawa mengi na yeye peke yake asingeyamaliza.

Hivyo ndivyo yalivyokwenda, na hayakwenda vizuri kila upande. Spika alisambaza habari kwamba Shangazi amemfukuza kwenye ukoo kwa sababu ya mzaha, na kwamba sasa ni yeye anayesubiri kuombwa radhi. Nusu ya ukoo walimwamini, au walisema wanamwamini. Kwenye mahafali ya binti wa binamu alipewa kipaza sauti kama kawaida, akasimama, akasema hana mengi, na Shangazi akachukua mkoba wake akatoka kwenda kukaa nje karibu na matangi ya maji. Baada ya kitambo bibi harusi alitoka akakaa naye. Kisha akatoka mama mmoja wasiyemjua, akasema humo ndani kuna joto.

Mumewe hakutoka siku hiyo. Alibaki ukumbini, mikono mapajani. Lakini hakupiga makofi. Hilo Shangazi alisimuliwa na wengine, maana yeye mwenyewe hakulisema. Jumapili fulani maharusi walikuja kula mchana, na simu ya Spika ikaita mezani mara mbili, na mume akaigeuza uso chini akaendelea kumkatia mtoto nyama.

Shangazi aliliona hilo na akalihesabia. Hata hivyo, kuna nyakati mumewe anapocheka kwa kitu redioni, kichwa nyuma, mabega yanatikisika sawasawa na ya kaka yake, na Shangazi hujikuta amenyanyuka kwenda kunawa mikono, ingawa hajashika kitu.